Mvalishe alichokuwa nacho

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea karibu mwezi mzima na wengine mmeshaanza kunitumia ujumbe wa "vipi, umehama mji?" Sijahama. Niko hapahapa Mwanza, kazi tu zilizidi. Leo sina habari ya siasa wala ya bei ya samaki. Nina kisa cha picha moja, na nimeona nikiache kabla sijakieleza nitakisahau.

Nina rafiki ana kibanda cha picha na machapisho maeneo ya Makoroboi. Yeye hujitambulisha kama mhariri wa picha, lakini mtaani watu wanamwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Mimi na yeye tuna ugomvi wa siku nyingi. Mimi ni mwandishi wa gazeti, na kwetu picha haiguswi. Unaruhusiwa kuipunguza pembeni, kuiongezea mwanga kidogo, basi. Mwaka 2006 shirika la habari la Reuters liligundua kwamba mpiga picha wake mmoja aliyekuwa Beirut, Adnan Hajj, ameongeza moshi kwenye picha ya mji uliopigwa mabomu. Waliachana naye na wakaziondoa picha zake zote 920 kwenye hifadhi yao. Kisa hicho nilikikuta darasani chuoni na kimenikaa kichwani mpaka leo. Fundi yeye anakula kwa kugusa picha. Nikimwambia anadanganya watu, ananijibu, "Kaka, mimi sitangazi habari, mimi nahifadhi watu."

Sasa siku hiyo nimekaa kwake nasubiri kuchapa barua zangu, akaingia dada mmoja wa makamo, ana simu mkononi na bahasha kwapani. Alitusalimia, akakaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema anataka kadi za kumbukumbu. Baba yake anatimiza mwaka tangu afariki, kuna misa nyumbani kwao Bukoba, na anataka kadi mia moja zenye picha ya mzee. Mpaka hapo ni kazi ya kila siku. Kisha akasema, "Lakini namtaka amevaa kanzu yake."

Picha aliyokuja nayo mzee hakuvaa kanzu. Mzee alikuwa fundi wa boti pale Mwaloni, Kirumba, na picha pekee iliyoonyesha uso wake vizuri ilipigwa ufukweni akiwa amesimama pembeni ya boti inayozibwa. Alikuwa amevaa fulana ya kampeni ya uchaguzi, ile inayogawiwa bure, yenye uso wa mgombea kifuani. Nadhani nyumba nyingi hapa nchini zina picha ya namna hiyo. Mtu ameishi miaka sabini, na picha yake safi kuliko zote ana mwanasiasa tumboni.

Nikamuuliza yule dada kwa nini kanzu hasa, maana mzee angeweza kuvalishwa hata shati. Akatueleza. Mzee alikuwa na kanzu moja aliyoipenda, alishonewa kwa ajili ya harusi ya mtoto wake wa kwanza, na alishasema kwa mdomo wake kwamba siku akifa azikwe nayo. Alikwenda Bukoba kusalimia ndugu, akaugua ghafla, akafia hukohuko. Kanzu ilikuwa Kirumba ndani ya sanduku. Wenye msiba hawakusubiri, kaka zake wakanunua suti dukani, akazikwa na suti.

"Alizikwa na nguo isiyo yake," alisema. "Sitaki na kwenye kadi avae isiyo yake."

Fundi alimwambia aende, arudi kesho kutwa. Na mimi nikaondoka zangu nikiwa na jibu langu la kawaida mfukoni: huo ni uongo wa kufariji, mwache afanye, si kazi yangu.

Niliporudi siku ile ya kesho kutwa nilikuta kikao. Dada amekuja na mama yake, bibi mmoja mwembamba ameketi kwenye benchi na kitenge chake begani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta. Picha ilikuwa imekamilika, na kwa macho ya haraka ilikuwa nzuri. Mzee kavaa kanzu nyeupe kama maziwa, kofia ya vitobo kichwani, ngozi imenyooka, nyuma yake mawingu. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa upole kabisa, "Huyu ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Basi akaanza kuonyesha kwa kidole, moja baada ya nyingine.

La kwanza lilikuwa kanzu. Fundi aliposikia neno kanzu alifanya ambacho wengi wetu tungefanya: akaenda kwenye intaneti akachukua kanzu. Aliyoipata ilikuwa ya Kiomani, ile yenye kishada kinachoning'inia shingoni, na kwa kuwa imezoeleka kuvaliwa na kofia, akamwekea mzee na kofia. Familia hii ni Wakatoliki. Huku kwetu kandokando ya ziwa, upande wa Bukoba na Uganda, kanzu si vazi la dini moja. Mzee wa Kikristo huivaa harusini na kwenye shughuli za ukoo, na juu yake huvaa koti. Kanzu yenyewe haina kola, na mbele, kuanzia shingoni kushuka kifuani, ina urembo wa uzi wa rangi ya damu ya mzee. Kwa hiyo kwa kuchagua kanzu isiyo yake, Fundi alikuwa amembadilisha marehemu dini na kumhamisha pwani, bila kukusudia.

La pili lilikuwa kovu. Mama alisema mume wake alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kulia, alipigwa na ubao wa boti akiwa kijana. Kwenye picha lilikuwa kushoto. Hapa Fundi aliona aibu, maana alijua alichofanya. Pale ufukweni jua lilikuwa limempiga mzee kutoka upande mmoja, na mtu wa kwenye picha ya intaneti alikuwa amepigwa mwanga kutoka upande wa pili. Kivuli cha pua kikienda huku na vivuli vya mikunjo ya nguo vikaenda kule, jicho linakataa hata kama mtu hajui kwa nini anakataa. Njia ya mkato ni kuugeuza uso kama unavyogeuka kwenye kioo. Mwanga unakubaliana, ila mtu anageuka kuwa mwingine. Hakuna uso wenye pande mbili zinazofanana, na aliyelala na uso huo kwa miaka arobaini anajua upande gani ni upi.

La tatu lilikuwa ngozi. Fundi alikuwa amemlainisha mzee, mikunjo yote imeondoka. Mama alisema tu, "Mbona mmemfanya kijana? Mimi nitakaa naye vipi?"

Ngoja nitoke kidogo nje ya Mwanza, maana kosa hili si la Makoroboi tu. Lamu, Kenya, kulikuwa na mpiga picha aitwaye Omar Said Bakor ambaye alijulikana kwa kukata picha za watu kwa mkasi na kuzibandika ndani ya maua, mitungi na mandhari nyingine, kisha kuzipiga upya. Zilikuwa picha za mapenzi na za kumbukumbu, na aliyezitazama alijua wazi kwamba hakuna mtu anayekaa ndani ya ua. Picha kama hizo hazikumdanganya mtu. Marekani nako, baada ya Rais Abraham Lincoln kuuawa mwaka 1865, watu walitaka picha yake ya kuning'iniza ukutani, akiwa amesimama kishujaa. Mchapishaji mmoja akachukua mchoro wa zamani wa mwanasiasa John Calhoun, akaondoa kichwa cha Calhoun akaweka cha Lincoln. Uso ulikuwa umegeuzwa, kwa hiyo baka la shavuni kwa Lincoln likaenda upande usio wake, na hilo ndilo lililokuja kumuumbua mtengenezaji. Lakini jambo baya zaidi halikuwa baka. Calhoun alikuwa mtetezi mkubwa wa utumwa. Yule anayekumbukwa kwa kuwatangazia watumwa uhuru alining'inizwa kwenye kuta za watu akiwa na mwili wa aliyetaka waendelee kuwa watumwa.

Ona basi tofauti. Bakor aliunganisha picha kwa namna inayojitangaza. Mchapishaji wa Lincoln aliunganisha kwa namna inayojificha, na akampa marehemu kitu ambacho hakikuwa chake. Mama wa Kirumba hajasoma lolote kati ya haya, lakini malalamiko yake yalikuwa hayohayo. Hakusema, "Kwa nini mmegusa picha?" Alisema, "Mmempa visivyo vyake na mmemnyang'anya vilivyo vyake."

Fundi, kwa sifa yake, hakubishana. Alifuta kazi yote, akamwuliza dada swali ambalo angelimuuliza siku ya kwanza: "Hiyo kanzu yenyewe iko wapi?" Iko sandukuni Kirumba. Na ile picha ya ufukweni, mliyonitumia kwa simu, karatasi yake ipo? Ipo, iko hapa kwenye bahasha. Ilikuwa kwapani muda wote.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu kuhusu kazi ya rafiki yangu, kwa hiyo nivumilieni na hesabu kidogo. Karatasi ile ni ya kawaida, inchi 4 kwa 6, na uso wa mzee juu yake una urefu wa sentimita 2 tu. Dada alikuwa ameipiga karatasi kwa simu na kuituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ambayo huipunguza picha mpaka upande mrefu ubaki na pikseli kama 1600. Ukigawa, uso unabaki na pikseli kama 210 kwa urefu. Kwenye kadi, Fundi alitaka uso uwe na sentimita 3.5, na ili uchapwe bila ukungu, kwa kipimo cha pikseli 300 kila inchi, unahitaji kama 413. Alikuwa na nusu ya alichohitaji. Ndiyo maana siku ya kwanza alilainisha ngozi: hakukuwa na ngozi ya kuonyesha, kulikuwa na ukungu, na ukungu uliolainishwa unafanana na ujana. Alipoweka karatasi yenyewe kwenye skana na kuisoma kwa kipimo cha 600, uso ulitoka na pikseli kama 470. Mikunjo ikarudi, na kovu likarudi, upande wa kulia.

Wenye picha za wazee wenu kwenye simu, nawaomba mlikumbuke hilo. Mara nyingi picha mbaya ya marehemu si kwamba ilipigwa vibaya. Ni kwamba tumepeleka kivuli chake dukani tukaacha mwenyewe kabatini.

Kesho yake jioni tulikwenda Mwaloni, mimi, Fundi, dada na kaka yake anayemfuata. Kaka ndiye aliyekuwa na mabega ya baba. Alikuwa amekunja uso tangu mwanzo, na niliambiwa ni mmoja wa walionunua ile suti. Alivaa kanzu ikiwa bado inanukia dawa ya nondo, akafunga kifungo mpaka juu kabisa. Fundi alisisitiza kifungo hicho. Fulana ya mzee ilikuwa imemfunika shingo mpaka karibu na koo, kwa hiyo chini ya hapo hakuna ngozi ya mzee popote duniani. Shingo ya kanzu ikikaa chini ya ile ya fulana, fundi analazimika kubuni kipande cha shingo ya marehemu, au aazime ya mwanawe. Ikikaa juu yake, anatumia shingo ya mzee mwenyewe na kanzu inafunika kilichobaki.

Nilimuuliza kwa nini tusingepiga picha palepale kibandani. Akanionyesha karatasi ya mzee. Chini ya kidevu, pale ambapo kwa kawaida huwa na kivuli kizito, palikuwa na mwanga mwembamba. "Hilo ni ziwa," alisema. Mzee alikuwa ameangalia majini jioni, jua liko mbele yake kwa pembeni, na maji na mchanga vilikuwa vinamrudishia mwanga kutoka chini. Ukimpiga mwanawe ndani ya kibanda chenye taa ya dari, kanzu itakuwa na kivuli cha ndani ya nyumba na uso utakuwa na mwanga wa ziwa. Basi kaka alisimamishwa palepale ufukweni, saa kumi na kitu, akageuzwa polepole mpaka kivuli cha pua yake kikalala kama kile cha baba yake. Fundi alipunguza mwanga wa kamera kidogo chini ya kawaida. Nguo nyeupe juani huungua kwenye picha, inakuwa bapa kama karatasi, na mikunjo iliyopotea hairudi kwa ujanja wowote wa kompyuta. Nyeupe iliyofifia inaweza kung'arishwa baadaye, ila iliyoungua imekwenda.

Kazi ya kibandani ilichukua jioni nzima. Uso uliwekwa kwenye tabaka lake, kanzu kwenye tabaka lake, ili kimoja kirekebishwe bila kuharibu kingine. Kichwa kilipimwa kwa mabega, maana kosa linaloonekana haraka kuliko yote ni kichwa kikubwa juu ya mwili mdogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ubao wa maonyesho. Halafu rangi. Karatasi ya zamani ilikuwa imeanza kuwa nyekundunyekundu, wakati kanzu iliyopigwa jana ilikuwa nyeupe ya kuelekea bluu. Fundi alitafuta kitu ambacho alijua kilikuwa cheupe kwenye picha ya zamani, ubavu wa boti nyingine iliyopakwa rangi nyeupe, akasawazisha picha mpaka ubavu ule na kanzu vikawa weupe wa siku moja. Mwisho aliipunguzia kanzu ukali na kuitia chengachenga kidogo kama zile za uso, maana nguo iliyo safi kuliko aliyeivaa inasema yenyewe kwamba imetoka kwingine. Kofia hakuna. Mawingu hakuna. Nyuma aliweka rangi ya kijivu iliyopoa, kwa sababu za kazi tu: kanzu nyeupe kwenye kadi nyeupe hupotea, ukabaki na kichwa kinachoelea.

Mama aliletewa nakala moja ya majaribio. Safari hii hakuuliza ni nani. Alishika kadi, akapitisha kidole juu ya ule urembo wa kifuani, akasema, "Hapa uzi ulikatika, nikaurudishia mimi." Na kweli, ukiangalia karibu, kuna mahali pameshonwa kwa uzi uliokolea zaidi. Fundi alikuwa amepaona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alipaacha.

Kaka mtu alimwangalia mama yake, akatoka nje, akakaa huko muda.

Sasa maoni yangu, kwa kuwa nimewaita hapa kwa ajili ya hayo. Nilikuwa nimekosea niliposema kila picha iliyoguswa ni uongo. Kanuni yetu ya gazetini ni sahihi kwa gazeti, kwa sababu msomaji wa gazeti anatuamini kuhusu tukio ambalo hakuwapo. Kadi ya kumbukumbu haisemi "hivi ndivyo ilivyokuwa siku fulani saa fulani." Inasema "huyu ndiye tunayemkumbuka." Wanaoipokea walimjua, na ikidanganya, wao ndio wa kwanza kuona, kama mama alivyoona. Lakini hilo halimpi fundi uhuru wa kufanya lolote. Kipimo ninachokiona mimi ni kimoja: mvalishe marehemu alichokuwa nacho, usimpe asichokuwa nacho. Kanzu ilikuwa yake, mwili wa mwanawe uliazimwa tu kuibeba, na fulana ya mgombea ndiyo iliyokuwa ya kuazima tangu mwanzo. Kofia, mawingu na ujana havikuwa vyake.

Mtaniambia kipimo hicho ni cha kihisia. Basi nitawaambia kilichotokea baada ya kadi kuchapwa. Alikuja mtu mwingine wa ukoo huohuo, peke yake, jioni. Alikuwa ameshaiona kadi na akaisifia sana. Akataka picha moja tu, yeye akiwa amesimama kando ya mzee, bega kwa bega, mzee akiwa na ile kanzu. Alisema alikuwa kama mtoto wake ila hawakuwahi kupiga picha pamoja. Bei hakuuliza. Fundi alikaa kimya, kisha akamwuliza kama mirathi imeshagawanywa. Yule bwana akasema hilo halihusiani. Fundi akamrudishia kadi yake.

Kiufundi kazi ile ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Tabaka la mzee lilikuwa tayari, kilichobaki ni kumweka mtu pembeni. Inawezekana hata yule bwana alikuwa na uchungu wa kweli. Lakini kanzu ilirudisha kitu kilichokuwepo, kipo sandukuni, unaweza kukigusa. Picha ya pili ingetengeneza siku ambayo haikuwahi kuwepo, na miaka kumi ijayo, mama hayupo na Fundi hayupo, ingekuwa ushahidi mbele ya watu wasiojua. Hapo ndipo kadi inapoacha kuwa kadi, inakuwa habari, na kanuni yangu ya gazetini inaanza kufanya kazi palepale Makoroboi.

Kwa hiyo nilimshauri Fundi jambo moja, na tulibishana sana. Nilitaka nyuma ya kila kadi yaandikwe maneno kwamba picha imeunganishwa. Alinicheka: "Unataka kadi ya marehemu iwe na maelezo kama ya dawa?" Dada naye hakupenda. Tukakubaliana nusu. Kadi mia moja za misa zilikwenda bila maneno. Lakini ile kubwa ya fremu, itakayobaki ukutani Kirumba kwa wajukuu, nyuma yake dada aliandika kwa kalamu, kwa mkono wake: uso ni wa picha ya Mwaloni, kanzu ni yake mwenyewe, mabega ni ya mwanawe. Na kwenye flashi aliyokabidhiwa kuna mafaili mawili, `baba_asili.tif` na `baba_kadi.psd`. La kwanza lina fulana ya kampeni na mgombea wake, halijaguswa. Fundi alimwambia asilifute hata siku moja, kwa sababu hiyo ndiyo picha pekee ambayo mzee mwenyewe alisimama akapigwa.

Bado nadhani nilikuwa na haki kuhusu zile mia moja. Fundi naye bado anadhani ana haki. Ila kuna kitu kimoja sikukitegemea. Dada alipokuja kuchukua kadi alituambia kaka yake ameomba ile kanzu isirudi tena sandukuni. Ataivaa yeye Bukoba siku ya misa, atasimama nayo kaburini.

Nyie mngeandika nyuma ya kadi, au mngeacha? Karibuni.